Hanzi Si Neno

Kwenye miongozo ya kreni kuna onyo fupi ambalo hurudiwa mara nyingi. Kwa Kiingereza lina maneno matatu. Kwa Kichina lina hanzi nne, yaani zile alama za mraba ambazo wengi wetu huziita tu herufi za Kichina. Kwa Kiswahili ni neno moja: usinyanyue. Sasa niambie, mtafsiri anayelipwa kwa neno alipwe ngapi hapo? Moja, tatu au nne?

Unaweza kucheka, lakini swali hilo ndilo hulipa kodi yangu ya nyumba. Nilianza kujifunza Kichina katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ile iliyofunguliwa mwaka wa 2005, na siku hizi natafsiri mikataba, miongozo ya mashine na barua za kampuni. Watu wakisikia kazi yangu huuliza kama zile toni ni ngumu. Ni ngumu, sawa, lakini toni hazijawahi kutishia mfuko wangu. Kinachoutisha ni kidirisha kidogo cha Microsoft Word kinachoitwa `Word Count`. Kina namba moja kubwa. Mteja anaiona, mimi naiona, na kila mmoja anaielewa kivyake.

Nieleze kupitia kazi moja tu, maana ndani yake kulikuwa na karibu kila kitu.

Mama mmoja mkandarasi, mwenye kampuni ndogo ya kukodisha mitambo, alikuwa amepata kreni ya mnara kutoka China kwa ajili ya jengo la ghorofa kule Syokimau. Mafundi wake walikuwa wa kuisimamisha wiki iliyofuata, na alitaka mwongozo wa usalama uwe kwa Kiswahili kabla mtu yeyote hajapanda juu. Alinitumia faili mbili. Moja ya Kiingereza, ambayo muuzaji alimpa kama hisani. Nyingine ya Kichina, iliyokuja na mashine yenyewe. Akaniambia nichague ninayopenda, mradi nimpe bei na siku ya kumaliza jioni hiyo hiyo.

Nikampigia kumuuliza maswali machache. Tayari alikuwa amefungua faili zote mbili na amekereka.

"Kijana, hebu nieleze. Hii ya Kichina ni kurasa 9. Ya Kiingereza ni kurasa 14. Lakini kompyuta inaniambia ya Kichina iko na maneno 8,900, na ya Kiingereza iko na 5,000. Si ni mwongozo mmoja tu? Yenye iko fupi ndiyo iko ndefu?"

"Ni kweli Mama, zote mbili ziko sawa."

"Zitakuwaje sawa? Wewe usinichanganye kama hao wengine."

Hao wengine, nilikuja kuelewa, walikuwa watafsiri wawili waliompa bei kabla yangu. Mmoja alikuwa amezidisha 8,900 kwa bei yake ya neno la Kiingereza. Mwingine alitazama kurasa 9 akamwambia, "Hiyo ni siku mbili, Mama." Yaani mmoja alikuwa ghali kupita kiasi na mwingine alikuwa anaahidi kisichowezekana, na wote walitazama faili ile ile. Mama hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa na haki ya kushuku.

Kinachotokea ni hiki. Kiingereza na Kiswahili huacha nafasi kati ya neno na neno, kwa hiyo programu huhesabu vipande vilivyotenganishwa na nafasi. Kichina hakiachi nafasi. Sentensi hutiririka mfululizo hadi kituo, na msomaji ndiye anayejua neno moja linaishia wapi. Word haijui, kwa hiyo inafanya jambo rahisi: kila hanzi inaihesabu kuwa neno moja. Hata mkato na kituo cha Kichina vinaingia kwenye hesabu. Namba na majina ya modeli yaliyoandikwa kwa herufi zetu za kawaida yanahesabiwa kama maneno ya Kiingereza. Ukifungua kidirisha hicho kwenye kompyuta iliyowashiwa lugha za Asia utaona mistari miwili ya ziada. Mmoja unasema `Asian characters, Korean words`, na mwingine `Non-Asian words`. Kwa faili ya Mama wa kwanza ulisoma 8,160 na wa pili 740. Jumla yake ndiyo ile 8,900 inayoonekana juu ikiitwa `Words`. Jina hilo la `Words` ndilo mzizi wa ugomvi wote, kwa sababu 8,160 kati ya hizo si maneno.

Maneno mengi ya Kichina cha leo yana hanzi mbili. Kompyuta, kwa mfano, ni "umeme" na "ubongo" zilizowekwa pamoja. Ungedhani basi ukigawanya kwa mbili umemaliza. La. Kiingereza kina vijineno vyake vidogo vinavyojaa kila sentensi na ambavyo Kichina hakina kabisa, kwa hiyo Kiingereza huongezeka maneno njiani. Kwa miongozo ya mashine ninayofanya, hanzi 1,000 huzaa kama maneno 600 ya Kiingereza, pengine 650. Kwa lugha ya uwiano, ni hanzi 1.6 hivi kwa neno moja. Mkataba wa kisheria unaweza kuwa na uwiano mwingine, tangazo la biashara nao wake.

Na kurasa je? Kila hanzi hukaa ndani ya mraba wake, mraba ukigusana na mraba, bila nafasi katikati. Ukurasa mmoja uliojaa Kichina hubeba hanzi zaidi ya elfu moja bila kujitahidi. Ndiyo maana faili ya Mama ilikuwa fupi kwa kurasa na ndefu kwa hesabu. Ukurasa na hesabu vilikuwa vinavuta upande tofauti na hakuna kilichokuwa kinadanganya.

Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ningetamani kila mteja aulize: "Sasa hiyo moja nukta sita umetoa wapi? Kichwani?"

Sikuitoa kichwani. Huwa nina jedwali la kazi zangu za zamani, safuwima moja ya hanzi za faili asilia na nyingine ya maneno yaliyotoka, na nikipata kazi mpya natazama zinazofanana nayo. Nikipewa aina ya maandishi nisiyowahi kuifanya, nachukua kipande cha hanzi mia tano kutoka katikati ya faili, sio mwanzoni ambako kuna majina na anwani, natafsiri, nahesabu, ndipo nataja bei. Ni saa moja na nusu hivi ambayo hakuna anayenilipa, lakini naona ni saa nzuri.

Kwa Mama nilikuwa na bahati zaidi kwa sababu faili zote mbili zilikuwepo. Nilimwambia anipe hadi saa mbili usiku. Nikazigawa zote mbili sura kwa sura na kuhesabu kila sura kivyake. Mwongozo ulikuwa na sura sita. Sura ya kwanza, uwiano 1.6. Ya pili, 1.5. Ya tatu, 1.6. Nilipofika ya nne nikasimama. Upande wa Kichina kulikuwa na 1,950. Upande wa Kiingereza, 650. Uwiano wa 3.

Hanzi tatu kwa neno moja la Kiingereza haiwezekani kwa maandishi ya aina hii. Sio kwamba lugha imebadilika ghafla katikati ya kitabu. Uwiano ukiruka hivyo kuna mambo machache tu ya kushuku: pengine kuna orodha ndefu ya majina, pengine kichwa cha jedwali kimerudiwa kila ukurasa, pengine upande mmoja umefupishwa. Au upande mmoja una kitu ambacho mwingine hauna. Hesabu peke yake haikuambii ni kipi. Inakuonyesha tu mahali pa kusoma.

Nikasoma. Sura ya nne ilihusu kuongeza urefu wa mnara. Kama hujawahi kuona, kreni ya mnara hujirefusha yenyewe: fremu yenye jeki ya haidroliki hunyanyua sehemu ya juu, nafasi ikapatikana, kipande kipya cha mnara kikaingizwa hapo katikati na kufungwa. Wakati huo sehemu ya juu yote haijafungwa sawasawa na mnara ulio chini yake. Ni saa ambayo kreni ni dhaifu kuliko wakati mwingine wowote. Mkono wake haupaswi kuzungushwa, na ni lazima pande zote mbili zilingane uzito. Faili ya Kiingereza ilisema hayo kwa ufupi na kuendelea. Ya Kichina ilikuwa na utaratibu mzima wa ukaguzi wa pini kabla ya kuanza na baada ya kila kipande, na aya nzima juu ya upepo. Nikarudi kwenye ukurasa wa kwanza wa kila faili na kulinganisha namba ya modeli. Hazikuwa zinafanana. Muuzaji alikuwa amempa Mama mwongozo wa Kiingereza wa mashine iliyotangulia hiyo.

Ukiondoa sura hiyo, upande wa Kichina ulibaki na 6,950 na wa Kiingereza 4,350, ambayo ni ile ile 1.6 ya kawaida. Kwa hiyo faili mbili zile zilikuwa sawa kila mahali isipokuwa pale ambapo watu wangekuwa juu hewani.

Nilipompigia, sikuanza na bei. Nilimwambia faili ya Kiingereza aiweke kando.

"Unaniambia hivyo kwa sababu Kichina ndiyo bei?"

"Hapana Mama. Nitakuonyesha bei zote mbili, na utaona tofauti imetoka wapi."

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kiingereza kwenda Kiswahili, kwa maandishi ya kiufundi, namtoza mteja kama yeye shilingi 5 kwa neno. Hiyo ni bei yangu, usiende kuambia watu ndiyo bei ya soko. Maneno 5,000 yangekuwa shilingi 25,000. Bei hiyo hiyo ya 5 ukiibandika kwenye 8,900 unapata 44,500, na hapo ndipo yule mtafsiri wa kwanza alipofika. Ziada ya 19,500 kwa kiasi kikubwa haikutokana na kazi yoyote. Imetokana na neno `Words` kwenye skrini.

Bei ya neno la Kiingereza ukiigawanya kwa uwiano unapata bei ya hanzi inayolingana nayo. Shilingi 5 gawanya kwa 1.6 ni shilingi 3 na senti 12 hivi. Hapo ndipo sifuri yangu: hanzi moja kwa bei hiyo inalipa kazi sawa na Kiingereza. Mimi hutoza 3.50, kwa sababu watu wanaotoka Kichina kwenda Kiswahili moja kwa moja ni wachache, na kwa sababu nitatumia muda mwingi zaidi kwenye kamusi. Kwa hiyo 8,900 mara 3.50 ni shilingi 31,150.

Tofauti na bei ya Kiingereza ni 6,150, na nilimgawia vipande viwili. Kama faili ya Kichina ingekuwa na yale yale tu yaliyo kwenye ya Kiingereza, ingekuwa na hanzi 8,000 hivi, yaani shilingi 28,000. Shilingi 3,000 za kwanza, basi, ni za lugha. Hanzi 900 zilizobaki ni zile kurasa za pini na upepo, na hizo ni shilingi 3,150.

"Hizo elfu tatu za upepo nalipa," akasema. "Hizo elfu tatu za lugha ndizo tutaongea."

Tuliongea, na hazikushuka. Lakini angalau tulikuwa tunabishana juu ya kitu kilichopo.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisitoze kwa maneno ya Kiswahili yanayotoka mwishoni, nikaepuka balaa lote la hanzi. Jibu ni lile onyo la kreni. Kiswahili kinabeba mtenda, wakati, ukanushi na mtendwa ndani ya neno moja. "Hawatakinyanyua" ni neno moja, na Kiingereza kinahitaji matano kusema hivyo. Halafu sentensi inayofuata inajaa "ya", "wa", "za" na "kwa" hadi hesabu inafura tena. Huwezi kujua mapema. Na hilo ndilo tatizo lenyewe: ukitoza kwa faili itakayotoka, mteja hajui bei hadi kazi iishe, na wewe unapata kishawishi cha kusema kwa maneno sita kile ambacho kingetosha kwa mawili. Ukitoza kwa faili iliyoingia, namba iko mezani siku ya kwanza na hakuna anayeweza kuirefusha.

Sio kila anayehesabu anakosea kwa kuongeza. Kuna wakala mmoja wa ng'ambo ambaye hunitumia kazi mara moja moja. Kwenye barua pepe zao wao huandika kwamba hesabu ya Kichina inagawanywa kwa mbili ili kupata "maneno ya kulipwa". Inasikika kama haki. Faili ya Mama kwa hesabu yao ingekuwa maneno 4,450. Kwa uwiano halisi wa 1.6 ni 5,560 hivi. Moja ya tano ya kazi imemezwa na kugawanya kwa mbili, na haionekani popote kwenye ankara. Nilipowauliza, wakasema ndiyo kanuni yao kwa lugha za Asia.

Ubaya ni kwamba kwa Kijapani kanuni hiyo hiyo haina shida, hata ina ukarimu kidogo. Rafiki yangu hutafsiri Kijapani, na unajua Nairobi imejaa magari ya Kijapani yaliyotumika, mengine bado yanakusalimia kwa Kijapani ukiwasha injini. Kwake yeye neno moja la Kiingereza hula herufi mbili hadi mbili na nusu za Kijapani. Sababu ni kwamba Kijapani huchanganya hanzi na herufi za sauti. Viambishi vyote vya sarufi huandikwa kwa hizo herufi za sauti, na maneno ya kukopa pia. Kompyuta, ambayo Mchina anaiandika kwa hanzi mbili, Mjapani anaiandika kwa herufi saba. Hesabu inafura, maana haiongezeki. Mtu akitumia uwiano wa Kichina kwa faili ya Kijapani atamtoza mteja zaidi ya haki, na akitumia wa Kijapani kwa Kichina atajipunja mwenyewe. "Lugha za Asia" si kipimo.

Wajapani wenyewe wana desturi ya zamani ya kuhesabu kwa karatasi ya muswada yenye miraba 400. Tafsiri inayoingia Kijapani, ukurasa mmoja ni herufi 400; inayotoka kwenda Kiingereza, ukurasa mmoja ni maneno 200. Ukitazama namba hizo utaona ule uwiano wa mbili umekaa hapo waziwazi. Na China bei hutajwa kwa kila hanzi elfu. Kwa hiyo mteja akikuandikia kutoka Guangzhou kwamba analipa kiasi fulani "kwa elfu", muulize elfu ya nini, ya upande upi, na kama alama za uandishi zimo. Huyo rafiki yangu, kwa karatasi za mnada wa magari, ameacha hesabu kabisa. Karatasi moja ina herufi chache, zimeandikwa kwa mkono, na robo saa inaishia kutambua kama ile ni alama ya mkwaruzo au ya kutu. Anatoza kwa karatasi, na namuunga mkono.

Ukipenda kujionea jinsi vihesabio vinavyotofautiana, hifadhi faili ya Kichina kama maandishi matupu, kisha kwenye kompyuta ya Linux au Mac andika:

```
wc -w kreni.txt
wc -m kreni.txt
```

Amri ya kwanza huhesabu vipande vilivyotenganishwa na nafasi. Kwa Kichina itakupa namba ndogo sana, maana aya nzima inaweza kuwa kipande kimoja. Ya pili huhesabu kila herufi, pamoja na nafasi na miisho ya mistari. Baadhi ya mifumo ya mtandaoni ya kupokea kazi huhesabu kama amri ya kwanza. Ukiona mtu anakuletea faili ya Kichina ya kurasa 9 akisema ina maneno 300, sio mwongo. Kihesabio chake kinatafuta nafasi ambazo hazipo.

Turudi kwa kreni, kwa sababu nilikuwa sijamaliza kuhesabu. Maonyo mazito kwenye miongozo ya aina hii hukaa ndani ya visanduku vya maandishi na ndani ya michoro. Visanduku Word inavihesabu, mradi kile kidirisha kimewekwa tiki kwenye `Include textboxes, footnotes and endnotes`. Picha haizihesabu kamwe. Faili ya Mama ilikuwa na ukurasa mmoja wa picha mwishoni, umeskaniwa ukiwa umepinda kidogo, wenye maelezo ya jedwali la mizigo: uzito gani unaruhusiwa umbali gani kutoka kwenye mnara. Kwa kihesabio ukurasa huo ulikuwa sifuri.

Hapa ule mraba wa hanzi unasaidia. Kwa kuwa kila hanzi ina upana sawa, ukurasa ulioskaniwa unahesabika kama vigae vya sakafu. Mstari uliojaa ulikuwa na hanzi 34. Mistari ilikuwa 38. Hiyo ni 1,292. Lakini mistari mingi huishia katikati, kwa hiyo nilipunguza theluthi moja na kupata 860 hivi. Kwa 3.50 ni shilingi 3,010, na jumla ikawa 34,160. Nilimwambia waziwazi kwamba hiyo 860 ni makadirio, na kwamba haitapanda hata nikikuta nimekadiria chini.

Siku nazo zina hesabu yake. Kwa Kiingereza cha kiufundi natoa maneno 1,600 kwa siku nikiwa sijakimbizwa. Mtu anayesoma `Words` angegawanya 8,900 kwa 1,600 na kuomba karibu siku sita za kutafsiri tu. Lakini kasi yangu ya Kichina ni hanzi 2,500 kwa siku, ambayo ukiigeuza kwa uwiano ni karibu kasi ile ile ya Kiingereza. Pamoja na picha, 9,760 kwa 2,500 ni siku nne. Kabla ya hizo nne nilihitaji siku moja ya kukaa na opareta wa kreni na mafundi, kwa sababu kila saiti ina majina yake ya pini, ndoano na mkono wa kreni, na onyo lililoandikwa kwa neno ambalo fundi halitumii ni sawa na onyo ambalo halipo. Baada ya hizo nne, siku moja ya kusoma tena, hasa namba. Kichina huhesabu kwa makumi elfu pale ambapo sisi tunahesabu kwa maelfu, na sifuri moja iliyopotea kwenye jedwali la mizigo si kosa la chapa. Jumla, siku sita.

Mama alitaka Ijumaa, na tulikuwa Jumatatu usiku.

"Sita ni nyingi. Yule mwingine alisema mbili."

"Mama, mafundi wataanza kurefusha mnara lini?"

"Si kabla ya Jumatano ya wiki ijayo. Ijumaa hii ni mkutano tu wa kuwaeleza."

"Basi Ijumaa hawahitaji mwongozo wote. Wanahitaji sura ya nne na jedwali la mizigo."

Sura ya nne na ile picha ni hanzi 2,810, kazi ya siku moja na kidogo. Kwa hiyo kotesheni niliyomtumia kwenye WhatsApp kabla ya kulala ilisema hivi: "Kazi ni kutoka Kichina kwenda Kiswahili. Nimehesabu faili ya Kichina kwa Word, alama za uandishi na namba zikiwemo, visanduku vikiwemo: 8,900. Picha moja nimekadiria 860. Bei ni shilingi 3.50 kwa kila moja, jumla 34,160, nusu kabla ya kuanza. Sura ya 4 na jedwali la mizigo utapata Alhamisi jioni. Zilizobaki Jumatatu jioni. Siku zinahesabiwa kuanzia malipo ya kwanza yakifika. Faili ikibadilika, tutahesabu kilichoongezeka peke yake kwa bei hiyo hiyo."

Alijibu saa kumi na mbili asubuhi, kwa ujumbe wa M-Pesa wa shilingi 17,080.

Ijumaa mchana, baada ya mkutano wa mafundi, muuzaji alimtumia toleo jingine la faili ya Kichina lenye ukurasa mpya juu ya nyaya za umeme zilizo karibu na saiti. Niliweka matoleo mawili kwenye `Compare` ya Word nikaona kilichoingia. Hanzi 212. Nikamwandikia: shilingi 742, na Jumatatu inabaki Jumatatu.